Mkia Uliokosa Upepo

Asubuhi ya Oktoba 22, 1963, ndege mpya ya abiria iliruka kutoka uwanja wa Wisley, kusini-magharibi mwa London, ikiwa na watu 7 ndani yake na bila abiria hata mmoja. Ilikuwa BAC One-Eleven ya kwanza kuundwa, na ilikuwa imeanza kuruka miezi 2 tu kabla ya hapo. Rubani wake, Mike Lithgow, hakuwa mgeni wa hatari. Miaka 10 nyuma alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya kasi akirusha ndege ya kivita huko Libya. Siku hiyo kazi yake ilikuwa kinyume cha kasi: kuipunguzia ndege mwendo kwa makusudi hadi mabawa yashindwe kuibeba, kuiokoa, kisha kuanza upya huku uzito ukiwa umesogezwa nyuma ili kuona ndege inakuwaje katika hali mbaya zaidi.

Raundi kadhaa zilikwenda salama. Katika raundi ya mwisho, ikiwa juu kiasi cha futi 16,000, ndege haikuinamisha pua kama ilivyotarajiwa. Ilianza kushuka ikiwa imelala sawa, mabawa yamenyooka, pua iko karibu na upeo wa macho, na usukani ukiwa umesukumwa mbele. Ilishuka hivyo hadi chini kwa kasi ya takriban mita 55 kwa sekunde, ikapiga shamba karibu na kijiji cha Chicklade, Wiltshire, kwa tumbo, ikiwa na mwendo mdogo sana wa kwenda mbele. Wote 7 walifariki.

Ukipiga hesabu, kutoka kimo kile kwa kasi ile ni kama dakika moja na nusu. Ndani ya muda huo chumba cha marubani kilikuwa na watu waliojua ndege kuliko karibu mtu yeyote Uingereza, na waliokuwa wanajua vizuri kabisa nini cha kufanya. Walikifanya, na ndege haikuwajibu.

Ili kuelewa kwa nini, inabidi kwanza tuachane na dhana moja iliyozoeleka, kwamba ndege huanguka kwa sababu injini imezimika au mwendo umepungua. Bawa halijali sana mwendo. Linachojali ni pembe ambayo hewa inalikuta nayo. Rubani akipunguza mwendo huku akitaka kubaki kwenye kimo kilekile, hulazimika kuinua pua kidogo kidogo ili bawa likamate hewa zaidi. Pembe ile hukua: nyuzi 5, 10, 12. Hewa inayopita juu ya bawa huendelea kuambatana na mgongo wake, lakini kwa taabu. Ikifika mahali fulani, mara nyingi karibu na nyuzi 15, hewa hushindwa kuufuata mgongo ule. Hubanduka, huanza kujizungusha ovyo, na mnyanyuo uliokuwa unabeba tani zote zile huporomoka. Marubani wetu huita hali hiyo stoli, na kwa mwendo wowote ule inaweza kutokea, ilimradi pembe imezidi.

Kwenye ndege ya kawaida, stoli ina dawa yake ndani. Mkia uko chini, nyuma ya mwili. Bawa likistoli, hewa iliyovurugika huugonga mkia, usukani unatetemeka mikononi mwa rubani, kisha pua inadondoka yenyewe. Pua ikidondoka pembe inapungua, hewa inarudi kushika mgongo wa bawa, na ndege inaruka tena. Rubani anachohitaji ni kuuachia usukani uende mbele na kuvumilia kupoteza futi mia kadhaa. Kila mwanafunzi wa urubani hufanya zoezi hili mapema, na wengi hulizoea hadi likawa jambo la kawaida.

Sasa angalia mkia wa One-Eleven. Bawa dogo la mlalo halikuwekwa chini bali juu kabisa, kwenye ncha ya mkia wa wima, mkawa na umbo la herufi T. Hilo halikuwa pambo. Katika miaka ile wabunifu walipenda kutundika injini pembeni mwa mwili, huku nyuma, ili bawa libaki safi bila kitu kilichoning'inia na kelele ibaki nyuma ya abiria. Injini zikikaa huko, bawa la mkia haliwezi kukaa palepale kwa sababu lingechomwa na moshi. Wafaransa kwa Caravelle yao waliliweka katikati ya mkia wa wima. Waingereza na Wamarekani wengi wakalipandisha hadi juu. Ndege ya VC10, ambayo East African Airways iliitumia kuunganisha Nairobi, Dar es Salaam na Entebbe na Ulaya tangu mwaka 1966, ilikuwa na mkia wa aina hiyohiyo.

Faida yake ni kubwa. Juu kule mkia uko mbali na hewa chafu ya mabawa, unafanya kazi vizuri, na mara nyingi unaweza kuwa mdogo zaidi. Hata stoli inapoanza, mkia bado uko kwenye hewa safi. Hapo ndipo tatizo linapojificha, kwa sababu rubani hapati ule mtetemo wa kumwonya, ndege inaonekana tulivu, na pembe inaendelea kukua kimyakimya.

Bawa lililorudishwa nyuma kama la ndege za jeti lina tabia nyingine isiyosaidia. Mara nyingi ncha zake, ambazo ziko nyuma zaidi, ndizo zinazoanza kustoli. Mnyanyuo wa nyuma ukipotea, ule wa mbele unabaki, na pua badala ya kudondoka inainuka. Pembe inaruka kutoka nyuzi 15 hadi 25, kisha 35. Sasa hewa iliyobanduka kwenye mabawa, pamoja na ile inayovurugwa na makasha ya injini, inapanda kuelekea nyuma na juu mpaka inaufikia mkia ule uliokuwa umejitenga. Mkia unazama ndani yake wote. Ni kama ngalawa inayopita upande wa pili wa meli kubwa, tanga likalegea na usukani ukabaki kukoroga maji yasiyokwenda popote. Rubani anasukuma usukani mbele, bawa dogo la mkia linasogea, lakini hakuna hewa ya maana ya kulisukuma. Hiyo ndiyo stoli ya kina.

Kinachotisha ni kwamba hali hii ni tulivu. Ndege haibiringiki wala haizunguki. Imekaa pale, kama imepata mahali pake. Na vyombo vinampa rubani picha ya ajabu: pua iko sawa na upeo, mabawa yamelala sawa, lakini kipima mwendo kiko chini sana na kipima mshuko kimegonga mwisho. Chukua hesabu rahisi. Ndege ikishuka mita 55 kwa sekunde huku ikisonga mbele mita 55 katika sekunde hiyohiyo, hewa inaikuta kutoka chini kwa nyuzi 45, hata kama pua haijainuka hata kidogo. Mtu aliyezoea kutazama pua ili kujua pembe ya bawa atadanganyika kabisa.

One-Eleven ilikuwa na udhaifu mmoja zaidi. Kibawa cha mkia kinachopandisha na kushusha pua hakikusukumwa na mitambo ya mafuta. Usukani wa rubani ulisogeza vipande vidogo kwenye ukingo wa kibawa, na ni hewa iliyopita juu ya vipande hivyo ndiyo iliyokisogeza kibawa chenyewe. Katika safari ya kawaida ni utaratibu mzuri na mwepesi. Huko Chicklade, hewa iliyotoka chini ilikibeba kibawa juu, yaani upande wa kuinua pua, na vipande vile vidogo havikuwa na nguvu ya kukirudisha. Lithgow alikuwa akisukuma mbele wakati mkia wake ulikuwa ukifanya kinyume chake.

Haikuwa mara ya kwanza kwa mkia wa T kumwua mtu. Mwaka 1953 rubani wa majaribio wa ndege ya kivita ya Gloster Javelin alikuwa amefariki kwa sababu hiyohiyo. Mwaka 1962 ndege ya abiria ya Trident ilizama kwenye stoli ya kina katika majaribio, ikaokoka kwa bahati na ustadi. Lakini Chicklade ndiyo iliyolifanya jambo hili lisiweze kupuuzwa tena, maana hapa ilikuwa ndege ambayo mashirika yalikuwa tayari yameiagiza.

Wahandisi wa One-Eleven walibadilisha umbo la ukingo wa mbele wa bawa ili pua idondoke mapema, na kibawa cha mkia wakakipa mitambo ya nguvu. Ndege za majaribio zikafungwa mwavuli mkubwa mkiani, ili rubani akizama aweze kuuvuta uinue mkia na kushusha pua. Mwavuli huo ulileta kisa ambacho kingechekesha kama kisingekuwa cha gharama. Agosti 1964, rubani wa One-Eleven nyingine alihisi ndege imezama kwenye stoli ya kina, akaufungua mwavuli, na ndege ikashuka hadi uwanda wa Salisbury ambako alitua kwa tumbo. Wote walitoka salama. Uchunguzi ukaonyesha ndege haikuwa kwenye stoli ya kina hata kidogo. Ilikuwa ikiruka, na kilichokuwa kikiivuta chini ni mwavuli wenyewe. Kisa hicho kinaonyesha ni vigumu kiasi gani kwa mtu aliye ndani kujua yuko wapi hasa.

Mwavuli ni wa majaribio, hauwezi kufungwa kwenye ndege ya abiria. Jibu la ndege za abiria lilikuwa tofauti: kama kutoka humo hakuna uhakika, basi ndege isiruhusiwe kuingia. Kwa hiyo zikawekwa mashine mbili, na ni muhimu kuzitenganisha maana kazi zake si moja.

Ya kwanza ni kitikisa usukani. Pembeni mwa pua ya ndege, nje, kuna kibawa kidogo kama kidole, kinachozunguka kwa uhuru na kujipanga na upepo. Kibawa hicho ndicho kinachojua pembe ya hewa, jambo ambalo macho ya rubani hayawezi kulijua. Kompyuta husoma pembe hiyo, huangalia flapu zimetolewa kiasi gani, na katika ndege nyingi huangalia pia pembe inakua kwa haraka kiasi gani. Ikikaribia mpaka, huwasha mota ndogo iliyofungwa kwenye nguzo ya usukani. Mota hiyo ina uzito uliowekwa upande mmoja tu, kwa hiyo ikizunguka hutetemeka kwa nguvu, na usukani wote unatikisika kwa mlio wa kugongagonga ambao hauwezi kuchanganywa na kitu kingine chochote.

Kwa nini usukani, na si taa au kengele? Kwa sababu marubani wa zamani waliipata taarifa ya stoli mikononi, kupitia nyaya, pale hewa chafu ilipogonga mkia. Mkia wa T uliwanyang'anya taarifa hiyo, na mitambo ya nguvu inayosogeza vibawa ikawanyang'anya kabisa. Kitikisa kinaurudisha mtetemo ule kwa njia ya bandia, mapema, wakati bawa bado linabeba. Kengele inaweza kupotea kati ya kengele nyingine, lakini usukani uko mkononi.

Ya pili ni kisukuma usukani. Hii haionyi. Pembe ikipita mpaka wa pili, ulio karibu zaidi na stoli yenyewe, mashine husukuma usukani mbele kwa nguvu ambayo rubani ataihisi wazi, na pua inashuka. Kimsingi ni ule udondokaji wa pua ambao ndege ya kawaida hupewa na maumbile yake, na ambao ndege hii haina au inaupata ikiwa imechelewa. Mashine ya namna hii ikikosea karibu na ardhi inaweza kuua, kwa hiyo hufungwa vipimo viwili, kila upande wa pua kimoja, na kwa kawaida vyote lazima vikubaliane kabla haijasukuma. Rubani pia ameachiwa njia ya kuishinda kwa nguvu au kuikata.

Wengi hudhani kisukuma ni kifaa cha kuitoa ndege kwenye stoli ya kina. Hapana. Kinafanya kazi kwa kupitia mkia uleule, kwa hiyo mkia ukishazama hakina cha kusukuma. Nafasi yake ni zile sekunde chache kabla ya hapo, na nafasi hiyo ikipotezwa hairudi. Tukio la Staines linaonyesha sekunde hizo moja baada ya nyingine.

Jumapili ya Juni 18, 1972, Trident ya British European Airways iliondoka Heathrow kwenda Brussels. Trident ina mkia wa T, na iliwekewa kitikisa na kisukuma. Kwenye ukingo wa mbele wa mabawa yake kuna vipande vinavyoinamishwa chini wakati wa kuruka na kutua, ambavyo huongeza pembe ambayo bawa linaweza kuivumilia. Vipande hivyo vilikuwa na wenzo wake, mbali na ule wa flapu, na havikutakiwa kurudishwa ndani kabla ya mwendo wa kilomita 417 kwa saa.

Sekunde ya 114 tangu breki ziachiwe, mtu alirudisha wenzo ule. Ndege ilikuwa futi 1,772 juu na mwendo wake ulikuwa kilomita 300 kwa saa. Bila vipande vile, bawa ambalo sekunde moja nyuma lilikuwa salama sasa lilikuwa kwenye ukingo wa stoli. Pua haikusogea, mwendo haukusogea, ni mpaka wenyewe ndio uliohama. Sekunde ya 116 kitikisa kikatikisa, kisukuma kikasukuma, na rubani wa kiotomatiki akajitoa. Pua ikashuka, kisha ikainuka tena. Sekunde ya 124 kikasukuma tena, na ya 127 mara ya tatu. Sekunde ya 128, mtu ndani ya chumba kile alikikata.

Baada ya hapo hakikubaki kitu cha kuizuia. Pua ilipanda hadi nyuzi 31, mwendo ukashuka chini ya kilomita 100 kwa saa, na sekunde ya 150 ndege ikaanguka kwenye uwanja wazi karibu na mji wa Staines. Watu wote 118 walifariki.

Nani aliurudisha wenzo, na kwa nini mashine iliyokuwa ikisema kweli ikazimwa? Ndege haikuwa na kinasa sauti cha chumba cha marubani, kwa hiyo maneno yao yalipotea nao. Uchunguzi wa mwili wa kapteni ulionyesha ugonjwa mkubwa wa mishipa ya moyo na dalili kwamba alikuwa katika maumivu kabla ya ajali. Wenzake wawili walikuwa vijana. Lakini kuna jambo jingine, na kwangu mimi ndilo lenye uzito zaidi: visukuma vya Trident vilikuwa na historia ya kufanya kazi bila sababu. Rubani aliyewahi kusukumwa na mashine iliyokosea ana sababu ya kuitilia shaka siku inaposema kweli, hasa kama haoni sababu yoyote ya stoli mbele yake. Mwendo ulikuwa uleule, pua ilikuwa palepale. Wenzo ndio uliokuwa na jibu, na hakuna aliyeutazama. Baada ya Staines, wenzo wa Trident uliwekewa kizuizi cha kuuzuia kurudi kabla ya mwendo kutosha, na Uingereza ikalazimisha vinasa sauti kwenye ndege kubwa za abiria.

Mikia hii haijaondoka. Ukiwa Dar es Salaam, Nairobi au Kigali, itazame: Dash 8 Q400 za Air Tanzania na Jambojet, ATR za Precision Air, CRJ za Uganda Airlines na RwandAir. Zote zina T nyuma. Ndege za propela kama Q400 na ATR zina mabawa yaliyonyooka, na tabia yao kwenye stoli si ileile ya One-Eleven, lakini nazo hubeba kitikisa na kisukuma.

Q400 moja ndiyo iliyobadilisha namna marubani wanavyofundishwa. Februari 12, 2009, ndege ya Colgan Air ilikuwa ikikaribia Buffalo, Marekani, usiku, mwendo ukipungua bila marubani kutambua. Kitikisa kikaanza. Kapteni akauvuta usukani nyuma. Ndege ikastoli, kisukuma kikasukuma, naye akavuta dhidi yake, zaidi ya mara moja. Walikufa watu 50, mmoja wao akiwa nyumbani kwake ardhini.

Kumlaumu mtu huyo peke yake ni rahisi mno. Kwa miaka mingi zoezi la stoli katika simuleta lilikoma pale kitikisa kilipoanza, na alama zilitolewa kwa rubani aliyepoteza kimo kidogo zaidi. Aliyefunzwa hivyo amefunzwa kuongeza nguvu na kuishikilia pua. Na marubani wengi hawakuwa wamewahi kuhisi kisukuma kikifanya kazi, kwa hiyo mara ya kwanza usukani unapowatoka mikononi huhisi kama unyang'anyi, na mkono hujibu kwa kuvuta. Sheria za Marekani zilizofuata zinataka stoli ifundishwe hadi mwisho, kisukuma kikiwemo, na mafunzo ya siku hizi yameondoa kimo kwenye nafasi ya kwanza. Kitikisa kikilia, kinachoanza ni kushusha pua mpaka mtetemo ukome. Nguvu za injini, mabawa na kimo hufuata baada ya hapo, hata kama kimo chenyewe ni kidogo na ardhi inaonekana dirishani.